Unahara na unameza dawa za sukari na presha? Panga vidonge hivi kabla ya kumeza

Mama mmoja wa Ujiji aliletwa kwenye zahanati yetu kwa bajaji Jumapili asubuhi. Alianza kuhara na kutapika Ijumaa usiku, baada ya kula migebuka iliyolala. Presha yake ilikuwa 82/50, midomo imekauka, na mkojo wa mwisho aliupata Jumamosi mchana. Nikamuuliza kuhusu dawa.

"Nimemeza zote, mwanangu. Si mlisema dawa ya presha haikatwi?"

Kweli, tulisema. Tulichosahau kumwambia ni kwamba siku ya kuhara ina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Hakikisha siku imefika. Kwenda haja laini mara moja hakukuhusu. Utaratibu unaanza ukihara maji mara tatu au zaidi kwa siku, au ukitapika kiasi kwamba maji hayakai tumboni.

Hatua ya 2: Mwaga vidonge vyote kwenye sinia, usome majina. Yule mama alikuwa na pakiti mbili tu, akidhani ana dawa mbili. Moja ilikuwa metformini. Ya pili ilikuwa losartani yenye herufi H mwishoni mwa jina, na hiyo H ni hidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza iliyochanganywa humo humo. Kwa hiyo alikuwa na dawa tatu, na zote tatu zilipaswa kusimama.

Hatua ya 3: Weka pembeni hizi. Kwanza dawa za kukojoza: bendrofluazaidi, hidroklorothiazaidi, furosemaidi, spironolaktoni. Mwili unapoteza maji kwa chini, wewe unaongeza tundu jingine.

Pili, dawa za presha ambazo majina yake huishia na *pril* (kaptopril, enalapril, lisinopril) au *sartani*. Hizi ndizo watu hawazielewi, maana siku za kawaida huambiwa zinalinda figo, na ni kweli. Lakini damu ikipungua, figo hujiokoa kwa kubana mshipa mdogo unaotoa damu kwenye chujio lake, ili msukumo ubaki ndani. Dawa hizi huulegeza mshipa huo. Figo inabaki bila msukumo, na mkojo unakata.

Tatu, metformini. Yenyewe hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikigoma, inajazana na asidi hupanda kwenye damu; utamwona mgonjwa anahema kwa nguvu ilhali hana kikohozi. Dapagliflozini na empagliflozini nazo simamisha, kwa sababu zinaweza kuleta asidi hata kama sukari haijapanda sana.

Na tumbo likiuma, usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni. Zinaibana figo ile ile. Parasetamoli inatosha.

Hatua ya 4: Hizi usizikate kiholela. Insulini ya muda mrefu haisimamishwi hata kama huli. Kipimo chake ndicho kinaweza kubadilishwa, kwa kuongea na kliniki huku ukipima sukari kila baada ya saa nne hivi. Glibenklamidi ni kinyume chake: kama huli, usimeze, itashusha sukari na kuishikilia chini kwa saa nyingi. Atenololi haikatwi ghafla. Amlodipini unaweza kuendelea nayo, ila ukisikia kizunguzungu ukisimama, pima presha kwanza.

Mwenye moyo uliopanuka na anayetumia furosemaidi asijiamulie peke yake. Apige simu kliniki au aje siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Rudisha maji. Soma pakiti ya ORS, nyingi huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi. Kunywa glasi moja hadi mbili kila baada ya kuhara, kidogo kidogo kama unatapika. Wenye sukari huiogopa kwa sababu ni tamu. Kunyweni, sukari iliyomo ndiyo inayovuta chumvi na maji kuingia mwilini.

Njoo bila kungoja ukiona mkojo haujatoka kwa saa nane, unahema kwa nguvu, umechanganyikiwa, maji hayakai tumboni, au choo ni kama maji ya mchele. Hiyo ya mwisho, sisi wa kandokando ya ziwa tunaijua.

Hatua ya 6: Rudia dawa. Hesabu saa 24 hadi 48 za kula na kunywa kawaida, ndipo urudi kwenye dozi yako ile ile. Usifidie ulizoruka. Ukipona Jumapili jioni na ukala vizuri Jumatatu kutwa, Jumanne asubuhi unaanza. Presha inaweza kupanda kidogo katikati. Siku mbili hizo zinavumilika.

Yule mama hakufuata hesabu hiyo, kwa kuwa figo zilikuwa tayari zimeguswa. Tulimtundikia dripu, tukampa rufaa, na hospitali ikangoja kipimo cha figo kishuke kabla ya kumrudishia metformini na losartani. Aliporudi kliniki nilichukua kalamu nikaandika juu ya pakiti zote mbili: *Ukihara, simamisha.*