Kabla hujaituma ripoti ya Kiingereza, pitia vifupisho kwanza

Nyie mnaoandika ripoti za robo mwaka kwa Kiingereza, naomba tuongelee hivi vifupisho, NGO, MoU, MP na wenzake, maana mwezi uliopita ripoti yetu ilirudi na mistari myekundu na karibu yote ilikuwa pale pale.

Cha kwanza kabisa, usianze kukagua mpaka umemaliza kubadilisha maneno marefu kuwa vifupisho. Hapa ndo sisi tuliangukia. Rasimu ilikuwa imeandikwa vizuri tu, "a memorandum of understanding", "a member of parliament", halafu mwenzetu akaona ni ndefu akabonyeza Replace All, maneno yakafupika ila ile a ikabaki, tukapata "a MoU" na "a MP" kila ukurasa. Hakuna aliyekosea Kiingereza pale, ila a na an zinategemea sauti ya neno linalofuata hapo hapo, ukibadilisha neno na sauti imebadilika.

Na ni sauti sio herufi, hili watu wanalisahau sana. Tamka kwa mdomo. NGO unaisoma en-ji-o, imeanza na e, kwa hiyo ni "an NGO". MP ni em-pi, "an MP". Herufi zinazoanza na sauti ya irabu ukizitaja kwa Kiingereza ni A, E, F, H, I, L, M, N, O, R, S na X, ndo maana tunaandika "an HIV test", "an LPO", "an SOP". U yenyewe inawadanganya wengi, ni irabu kwa macho lakini inatamkwa yu, kwa hiyo "a UN agency", usiweke an hapo hata kama jicho linakataa. Sasa kuna vile ambavyo hatuvitaji herufi moja moja, tunavisoma kama neno. NECTA hakuna anayesema en-i-si-ti-e, tunasema nekta, basi ni "a NECTA certificate" japo imeanza na N ile ile ya NGO. Kifupisho kinachosomwa kote kuwili, kama FAQ, kubalianeni ofisini mnakisomaje halafu mshikilie hicho hicho ripoti nzima.

Kwenye Word kuna njia ya kuvitafuta bila kusoma kurasa 40. Fungua Ctrl+H, bonyeza More, weka tiki kwenye Use wildcards, halafu Find what andika hivi:

```
<[Aa] [AEFHILMNORSX][A-Z]
```

Inakuletea kila a iliyotangulia kifupisho chenye herufi ya kutiliwa shaka. Bonyeza Find Next uamue mwenyewe moja moja, usibadilishe kwa mkupuo, kwa sababu itakuletea na "a NECTA" ambayo iko sawa. Halafu MoU haitaikamata kwa sababu ile o ni ndogo, hiyo itafute peke yake.

Wingi sasa. Ongeza s ndogo basi, NGOs, MPs, MoUs, bila apostrofi. Apostrofi inaonyesha umiliki, "the MP's office" ni ofisi ya mbunge mmoja, "the MPs' office" ni ya wabunge kadhaa. Mkaguzi akisoma "we met the MP's" anabaki anasubiri kitu cha mbunge ambacho hakiji. Toa tiki ya wildcards, tafuta `'s`, na kila ikitua kwenye kifupisho jiulize nini cha nani, ukikosa jibu ifute hiyo apostrofi.

SACCOS ndo iliyotusumbua kuliko zote. Kwetu Tanzania ile S ya mwisho ni ya Society, iko ndani ya jina, kwa hiyo moja ni "a SACCOS" na mbili ni "two SACCOS", haiongezwi kitu. Kenya wanaandika SACCO, wingi wake SACCOs. Mradi ukiwa Arusha na Nairobi kama wetu, chagueni namna moja mapema, la sivyo sura ya pili na ya tano zitaonekana zimeandikwa na ofisi mbili zisizojuana.

Sentensi yetu iliyorudi ilikuwa hii: "The project helped a NGO and two SACCOS's to sign a MoU with the MP's." Tuliyotuma mara ya pili: "The project helped an NGO and two SACCOS to sign an MoU with the MPs." Mabadiliko manne kwenye mstari mmoja, na kompyuta haikuwa imepiga mstari mwekundu hata chini ya moja.