Namna ya kuandika tangazo la kuuza pikipiki iliyotumika: kilomita, kadi, sevisi na ubovu

Mimi ni fundi wa pikipiki Morogoro, na wateja wangu wakitaka kuuza huniletea simu niwaandikie tangazo. Wengi huwa wameshaandika "Boxer kali, haina tatizo lolote, wahi". Tangazo la namna hiyo linaleta simu nyingi na mnunuzi hakuna, kwa sababu kila anayekuja anakuja na fundi wake, na fundi anaanza kupunguza bei papo hapo. Nitatumia Boxer BM 150 ya mteja mmoja wa bodaboda kama mfano, kwa kuwa ilikuwa na kila aina ya utata.

1. Ioshe, piga picha

Mchana, nje, pande zote mbili, tairi zote mbili, mita ikiwa imewashwa. Usipake oili mpira na plastiki zing'ae. Fundi akiona injini inang'aa kama kikaango kipya anajua kuna kuvuja kunakofichwa.

2. Kilomita

Hapa ndipo kwenye kazi. Mita ya Boxer hii inazungushwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Waya ukikatika, au gia yake ya plastiki pale kwenye habu ikiisha meno, pikipiki inaendelea kutembea na namba inabaki palepale. Waendesha bodaboda wengi hawahangaiki kuutengeneza, maana abiria haulizi mita. Kwa hiyo namba unayoiona huenda ni ya kweli, lakini pungufu.

Kwanza jua kama mita yako iliwahi kusimama, na lini. Fungua daftari la sevisi, au la fundi wako, uangalie namba zilizoandikwa kila ulipomwaga oili. Kwa mteja wangu, 41,362 ilikuwa imeandikwa mara mbili mfululizo, kwa tarehe tofauti. Hapo ndipo iliposimama. Tangu hapo hadi alipoweka waya mpya ilipita miezi tisa.

Sasa kadiria pengo. Mimi natumia mafuta, siamini kumbukumbu ya mtu ya "natembea sana". Mita ikishafanya kazi, jaza tanki hadi juu, fanya kazi yako ya kawaida na abiria wako hadi mita isome kilomita 100 zaidi, kisha jaza tena hadi palepale. Yeye alijaza lita 2.2, yaani kilomita 45 hivi kwa lita. Kwa siku anatumia lita mbili na nusu, hiyo ni kilomita 112. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo ni kama 2,900 kwa mwezi, na kwa miezi tisa ni 26,000. Usiipime ukiwa peke yako barabara ya lami iliyonyooka. Mafuta yatakwenda mbali kuliko kawaida na pengo litaongezeka bure.

Mita yake leo inasoma 44,060. Ukiongeza lile pengo, imetembea kama 70,000. Andika namba zote mbili, na useme ya pili ni makadirio. Yeye aliogopa kwamba 70,000 itafukuza watu. Lakini mnunuzi mzoefu anaangalia raba ya pedali ya gia na ya kick, anaona zimelika hadi chuma, halafu anasoma 44,000 kwenye mita. Akishajua namba moja haiko sawa, haamini tena neno lako hata kwenye kadi.

Kuna mambo mawili yanayovuruga hesabu. Kama mita nzima ilibadilishwa, iliyowekwa ina namba zake. Andika ya zamani ilisoma ngapi ilipotolewa, na kama una picha yake iweke. Na mita hii ikifika 99,999 inarudi sifuri. Pikipiki ya bodaboda inayotembea 2,900 kwa mwezi inafika huko kabla ya miaka mitatu, kwa hiyo ya mwaka 2018 inayosoma 12,000 ni lazima uieleze, la sivyo mnunuzi atajieleza mwenyewe.

3. Kadi

Sema mambo matatu: kadi halisi ipo mkononi mwako au iko kwa mkopeshaji, jina lililomo ni la nani, na kama si lako, kwa nini. Ya mteja wangu ilikuwa bado na jina la mwenye kwanza. Yeye aliinunua kwa mkataba wa mauziano na hakuwahi kubadilisha umiliki TRA. Hilo halizuii kuuza, ila mwenye jina lazima apatikane asaini. Mpigie kwanza kabla hujaandika chochote. Kama pikipiki ni ya mkataba wa bosi na hujamaliza marejesho, bado si yako, usiitangaze.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na iliyo kwenye kadi. Kisha ya injini. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijarekebishwa, andika. Namba hizo usizirushe kwenye tangazo, zionyeshe mtu akija. Namba ya usajili mimi naiacha ionekane, ili mtu aangalie mwenyewe deni la faini za trafiki kwenye tms.tpf.go.tz. Lipa yaliyopo kabla.

4. Sevisi

Kilichobadilishwa, lini, kwa kilomita ngapi. Basi. Neno "injini haijaguswa" silipendi. Injini ya 70,000 ambayo haijaguswa inamsubiri mnunuzi aiguse.

5. Ubovu

Andika dalili, usiandike ugonjwa. "Ringi zimekufa" ni maoni. "Inatoa moshi wa buluu asubuhi ikiwashwa, baada ya dakika mbili unakata" ni kitu ambacho mnunuzi atakiona. Iwashe ikiwa imepoa, maana mnunuzi akikuta injini imeshapashwa anajua unaficha moshi. Ubovu wote uweke na jumla ya bei ya kuutengeneza kwa fundi wako, ili ukishapunguza kwenye bei asiupunguze tena.

Tangazo lililotoka:

> Boxer BM 150, usajili 2022, ipo Morogoro mjini. Mita inasoma 44,060, ila ilisimama miezi tisa (waya ulikatika kwenye 41,362). Makadirio ya kweli ni kama 70,000. Mwaka na nusu imefanya bodaboda.
> Kadi halisi ipo, jina la mwenye kwanza. Mkataba wangu na yeye upo, na atakuja kusaini. Haina mkopo wala deni la faini. Bima ndogo imebaki miezi minne.
> Cheni na sproketi mpya, tairi ya nyuma mpya. Oili imemwagwa mwezi huu, daftari lipo.
> Ubovu: moshi wa buluu asubuhi, unakata baada ya dakika mbili. Shokapu ya mbele kulia inavuja sili. Stata haifanyi, inawaka kwa kick. Fundi kasema vyote 180,000, nimeshaitoa kwenye bei.
> 1,450,000. Njoo asubuhi kabla sijaiwasha.

Ukitengeneza shokapu kabla haijauzwa, rudi ufute mstari wake, upunguze ile 180,000 kwa gharama yake na upandishe bei kwa kiasi hicho tu.