Somo: Kuitambua droni ya DJI Mini iliyotumika kabla hujailipia

Mtu mmoja alionyeshwa droni iliyotumika, akaambiwa ni Mini 2. Nitatumia kisa chake, kwa sababu droni zinazofanana kwa umbo ndizo zinazowaumiza wanaoanza.

Anza na mikono. Kwenye Mini 2 na ndugu zake wa awali, mikono ya mbele hufunguka kwa pembeni na kila mmoja una mguu mdogo chini ya mota, ilhali ya nyuma hukunjwa chini ya tumbo. Ukikuta mikono ya mbele haina miguu na kamera ni kubwa, uko kwenye Mini 3 au ya baadaye.

Kisha shika kamera. Gimbali ya kweli, yaani kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, droni ikiwa imezimwa, hulegea kidoleni pande zote tatu. Ukiiwasha hutikisika kidogo na kujinyoosha, na hata ukiinamisha mwili wa droni kamera hubaki sawa. Droni za kuchezea zilizoandikwa 4K huwa na kamera inayoinama juu na chini tu, na nyingi hazina GPS, kwa hiyo upepo huzisukuma nazo haziwezi kurudi. Kwa anayejifunza kurusha nje hizo hazifai.

Rimoti ndiyo iliyofichua kisa chetu. Rimoti ya Mini 2 ni bapa, ya kijivu, simu hukaa juu kwenye kishikio kinachovutwa, na ina swichi ya Cine, Normal na Sport. Aliyoonyeshwa yeye ilikuwa ndogo, ina antena mbili za kukunja, na simu hukaa chini. Hiyo ni ya Mavic Mini au Mini SE, ambazo huwasiliana kwa waifai na kurekodi 2.7K. Mini 2 hutumia mawasiliano imara zaidi na kurekodi 4K. Rimoti pekee haitoshi, kwani ile bapa hutumika pia na Mini 3 na Air 2. Ilinganishe na mikono.

Maswali

*Je, Mini SE inafaa kwa anayeanza?*
Inafaa uwanjani, kwa kuwa hutulia angani kwa GPS na kurudi ilikopaa. Mjini, penye waifai nyingi, picha huweza kukatika mapema, kwa hiyo irushe karibu. Kumbuka pia kwamba haina vihisi vya mbele: haitakwepa mti.

*Muuzaji asiponipa rimoti?*
Usinunue. Utakosa ushahidi wa aina yake, na hutaweza kuijaribu.

*Nikishailipia, kuna kizuizi?*
Kipo: droni huweza kubaki imeunganishwa na akaunti ya DJI ya mmiliki wa awali. Aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kisha uiunganishe na yako papo hapo.