Somo: Kifungu cha sheria inayotawala mkataba wa wakala, na mahali nguvu yake inapoishia

Katika mikataba mingi ya kuvuka mipaka, kifungu kinachotaja sheria itakayotawala hukaa karibu na ukurasa wa mwisho, nacho husainiwa bila mjadala. Somo hili linahusu aina moja tu ya mkataba ambamo kifungu hicho kimeshindwa mahakamani, yaani mkataba wa wakala wa biashara anayefanya kazi Ulaya kwa niaba ya kampuni iliyo nje ya Ulaya. Nimeuchagua kwa sababu wafanyabiashara wetu wanaouza kahawa, karafuu au vinyago huko hujikuta ndani yake, mara nyingi wakiamini kwamba sheria ya nyumbani imewakinga.

Tuchukue mfano wa kufikirika tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Kampuni ya Zanzibar inauza karafuu Ujerumani kupitia wakala aliyeko Hamburg. Wakala hanunui karafuu. Anatafuta wanunuzi, anajadili bei kwa niaba ya kampuni na kulipwa kamisheni. Mkataba unasema kwamba utatawaliwa na sheria ya Tanzania, na kwamba ukimalizika hakuna upande utakaodai fidia. Baada ya miaka minane kampuni inampa wakala notisi halali na kuanza kuwauzia wanunuzi walewale moja kwa moja.

Hatua ya kwanza: uliza ni mahakama ipi itakayosikiliza shauri

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni sheria gani imechaguliwa. Mimi huanza na mahakama, kwa sababu kifungu cha uchaguzi wa sheria hakijipi nguvu chenyewe. Hupewa nguvu na kanuni za nchi ya jaji anayekisoma. Jaji wa Hamburg ataanza na Kanuni ya Ulaya Na. 593/2008, iitwayo Roma I, inayohusu mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 17 Desemba 2009. Jaji wa Tanzania hafungwi na Kanuni hiyo. Kwa hiyo mkataba mmoja, wenye maneno yaleyale, unaweza kuzaa majibu mawili.

Hatua ya pili: pima kama uchaguzi wenyewe ni halali

Hapa jibu huwa jepesi. Ibara ya 3 ya Roma I inawapa wahusika uhuru mpana: wanaweza kuchagua sheria ya nchi yoyote, hata isiyo na uhusiano na biashara yao, ili mradi uchaguzi umetamkwa wazi au unaonekana bila shaka kutokana na mkataba na mazingira yake. Ibara hiyohiyo ina kizuizi kwa mkataba ambao mambo yake yote yako katika nchi moja. Wajerumani wawili wanaofanya biashara ndani ya Ujerumani hawawezi kuzikwepa kanuni za lazima za nchi yao kwa kuandika jina la sheria ya kigeni. Mkataba wetu una Zanzibar upande mmoja na Hamburg upande mwingine, hivyo kizuizi hicho hakiugusi. Sheria ya Tanzania imechaguliwa kihalali.

Hatua ya tatu: tafuta kanuni ambayo haisubiri kuchaguliwa

Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na ndipo fedha hupotea.

Kila nchi ina kanuni ambazo wahusika hawawezi kuzibadilisha kwa makubaliano. Nyingi kati ya hizo hutumika pale tu ambapo sheria ya nchi hiyo ndiyo inayotawala mkataba. Ukichagua sheria nyingine, unaziacha nyuma. Zipo chache zenye nguvu zaidi, ambazo jaji huzitumia hata kama mkataba unatawaliwa na sheria ya kigeni. Ibara ya 9 ya Roma I inazieleza kuwa ni zile ambazo nchi inaziona za lazima mno kwa kulinda maslahi yake ya umma, kama vile mpangilio wake wa kisiasa, kijamii au kiuchumi, kiasi kwamba hutumika kwa kila jambo linaloangukia chini ya kanuni hizo bila kujali sheria iliyochaguliwa. Katika somo hili nitaziita kanuni za lazima zisizoepukika.

Utaitambuaje? Maneno kama «makubaliano yoyote yanayokwenda kinyume ni batili» hayatoshi, maana hata kanuni za lazima za kawaida huandikwa hivyo. Tazama mambo mawili: kwanza, kama kanuni yenyewe inatamka inamhusu nani na wapi, pili, kama lengo lake linavuka kugawa haki kati ya watu wawili na kugusa namna soko au jamii inavyoendeshwa. Hata hivyo mpaka huu si mstari uliochorwa kwa rula, na mara nyingi tunaujua baada ya mahakama kusema.

Kuhusu mawakala, mahakama ilisema tarehe 9 Novemba 2000 katika shauri la Ingmar dhidi ya Eaton Leonard. Mwaka 1989 kampuni ya Kalifornia, Eaton Leonard, iliifanya Ingmar kuwa wakala wake Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Ulaya, sasa Umoja wa Ulaya, na mkataba ukasema utatawaliwa na sheria ya Kalifornia. Mkataba ulimalizika mwaka 1996 na Ingmar ikadai fidia. Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa, ikisema kwamba kanuni za Kiingereza za mawakala hazihusiki kwa kuwa sheria iliyochaguliwa ni ya Kalifornia. Mahakama ya Rufani ikalipeleka swali kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luksemburg.

Swali lilihusu Agizo la Ulaya kuhusu mawakala wa biashara, Na. 86/653 la mwaka 1986, ambalo nchi wanachama hulazimika kuliingiza katika sheria zao na ambalo katika Ibara za 17 na 18 linampa wakala malipo mkataba unapomalizika, na katika Ibara ya 19 linakataza kuyaondoa kwa makubaliano kabla mkataba haujaisha. Mahakama ilijibu kwamba ulinzi huo haukuwekwa kwa ajili ya wakala peke yake. Uliwekwa pia ili mawakala wote wa soko la Ulaya washindane kwa masharti yanayofanana. Kama kampuni ya nje ingeweza kuukwepa kwa sentensi moja ya mkataba, lengo hilo lingekufa. Kwa hiyo, wakala akifanya kazi ndani ya nchi mwanachama, Ibara za 17 na 18 hutumika hata kama sheria iliyochaguliwa ni ya nchi ya nje. Zingatia kwamba kilichoamua ni mahali kazi inapofanyika.

Hatua ya nne: angalia kanuni hiyo inagusa nini, na kiasi gani

Kanuni isiyoepukika haiufuti mkataba wala haiiondoi sheria iliyochaguliwa. Inachukua nafasi yake mahali pake tu. Ubora wa karafuu na tarehe ya kulipa kamisheni vitaendelea kusomwa kwa sheria ya Tanzania; kinachopinduliwa ni sentensi isemayo hakuna fidia.

Ujerumani imeliingiza Agizo hilo katika kifungu cha 89b cha Kanuni zake za Biashara. Wakala hupata malipo ikiwa alileta wateja wapya au aliongeza sana biashara na wateja wa zamani, ikiwa mwenye bidhaa anaendelea kunufaika sana nao, na ikiwa haki inadai hivyo. Kiasi kisizidi wastani wa mapato ya mwaka mmoja, unaohesabiwa kwa miaka mitano ya mwisho. Tuseme wakala wetu alipata yuro 40,000, 44,000, 52,000, 60,000 na 54,000. Jumla ni 250,000, na wastani ni 50,000. Hicho ni kikomo; jaji anaweza kutoa pungufu.

Wakala naye ana mitego yake. Asipotoa taarifa ya dai ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba uishe, haki inapotea. Aliyefukuzwa kwa kosa kubwa lake mwenyewe hapati. Na anayenunua karafuu na kuziuza kwa jina lake si wakala kwa maana ya Agizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi niko upande wa pili: ni wakala Mombasa wa kampuni ya Ubelgiji, na mkataba unasema sheria ya Ubelgiji. Je, nitadai fidia ileile?*

Marahaba. Jibu litakuudhi, lakini ni heri ulijue kabla ya kusaini upya. Tarehe 16 Februari 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la Agro dhidi ya Petersime. Agro ilikuwa wakala Uturuki wa kampuni ya Ubelgiji, na sheria iliyochaguliwa ilikuwa ya Ubelgiji. Tatizo ni kwamba sheria ya mawakala ya Ubelgiji ya mwaka 1995 ilijiwekea mpaka: ilimlinda wakala mwenye makao makuu ya kazi Ubelgiji. Mahakama ilisema Agizo halizuii mpaka huo, kwa sababu wakala anayefanya kazi nje ya Ulaya hayumo katika wale linaowalinda. Ujerumani nayo, katika kifungu cha 92c, inaruhusu wahusika kuiondoa fidia ikiwa wakala anafanya kazi nje ya eneo la uchumi la Ulaya. Kwa hiyo iandike haki ya malipo ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na namna ya kuihesabu.

*Je, tukiongeza kifungu cha usuluhishi Arusha au Toronto, si tutaikwepa mahakama ya Ulaya?*

Huenda isisaidie. Mwaka 2009, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Accentuate dhidi ya Asigra, mkataba ulitaja sheria ya Ontario na usuluhishi Toronto. Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kukipa nguvu kifungu hicho kwa kadiri ambavyo kingemnyima wakala haki zake za lazima. Wasuluhishi wenyewe wanaweza kuona vingine na kutoa tuzo yao. Lakini kama kampuni ya Zanzibar inawadai wanunuzi walioko Ujerumani, wakala mwenye hukumu ya Hamburg anaweza kuyafuata madai hayo hukohuko.

*Na nchi mbili za Ulaya zikiwa na ulinzi tofauti, kila moja itaipindua sheria ya mwenzake?*

Si kwa urahisi. Katika shauri la Unamar la tarehe 17 Oktoba 2013, wakala alikuwa Ubelgiji na sheria iliyochaguliwa ilikuwa ya Bulgaria, ambayo tayari ilitimiza kiwango cha Agizo. Mahakama ilisema jaji wa Ubelgiji anaweza kutumia ulinzi mpana zaidi wa nchi yake, ila baada ya kuchunguza kwa kina na kujiridhisha kwamba mtunga sheria aliuona ulinzi huo wa ziada kuwa wa lazima mno. Haitoshi kwamba yeye anaupenda.

*Kanuni isiyoepukika ya nchi ya tatu, ambayo si ya jaji wala haikuchaguliwa, inahesabika?*

Chini ya Ibara ya 9(3), jaji anaweza kuipa nguvu ikiwa ni ya nchi ambamo wajibu wa mkataba unatekelezwa, na inaufanya utekelezaji huo kuwa haramu. Nje ya hapo mlango umefungwa, ingawa una upenyo. Katika shauri la Nikiforidis la mwaka 2016, Ugiriki ilitaka sheria zake za kupunguza mishahara zimguse mwalimu wa shule yake iliyoko Nuremberg. Mahakama ilisema haziwezi kutumika kama sheria katika mkataba unaotekelezwa Ujerumani, lakini jaji hakatazwi kuzizingatia kama jambo la kweli lililotokea, ikiwa sheria inayotawala mkataba inampa nafasi hiyo.