Kabla hujabadilisha kadi ya benki, jua nini kitakatika na nini kitaendelea kukukata

Watu wengi tunadhani kadi ikiisha muda au ukiiblock, makato yote ya kila mwezi yanakufa hapohapo. Mi nilipoteza kadi, nikapewa mpya yenye namba tofauti kabisa, nikasema afadhali, ile huduma ya muziki nisiyoisikiliza tena itajifia yenyewe. Wapi! Ikanikata miezi minne, na kilichokufa ni domeni ya tovuti yangu ambayo ndo nilikuwa naihitaji.

Iko hivi: benki ikitoa kadi mpya inaweza kupeleka taarifa zake Visa au Mastercard (Visa wanaita Visa Account Updater, Mastercard ni Automatic Billing Updater), halafu kampuni iliyojiunga na huo mfumo inavuta namba mpya bila kukuuliza. Wengine hata namba yako hawana, wanatunza tokeni, yaani namba mbadala, kadi inabadilishwa nyuma ya pazia tokeni inabaki ileile. Wale wa muziki walikuwa na kitu kama hicho. Wa domeni walikuwa na namba ya zamani tu, wakajaribu kukata, ikagoma, na imeili ya onyo ikaenda kwenye anwani nisiyoifungua siku hizi.

Kadi iliyoisha muda tu mara nyingi inarudi na namba ileile, kinachobadilika ni tarehe na zile CVV za nyuma, na makato ya kujirudia kwa kawaida hayatumii CVV, kwa hiyo mengi yanapita. Ya kupotea au kuibiwa ndo inakuja na namba mpya, hapo ndo vitu vinakatika ovyo.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha, vuta steitimenti ya miezi 13, siyo mitatu, maana domeni, antivairasi na vitu vya kulipia mara moja kwa mwaka havionekani kwenye ya karibuni. Kila kato angalia linatoka kwenye kadi au moja kwa moja kwenye akaunti, kama ile oda ya kudumu uliyoiandikia benki, hiyo haijali kadi kabisa.

Unachotaka kiendelee, kadi mpya ikifika ingiza mwenyewe, usitegemee kitajisasisha. Usichotaka, kifute kulekule kwenye huduma yenyewe ungali unaweza kulogin, kisha tunza imeili ya uthibitisho. Umesahau paswedi na hawajibu? Waambie benki wazuie makato ya kampuni hiyo kwa jina, kublock kadi peke yake hakutoshi.

Baada ya wiki kadhaa ingia kwenye sehemu ya malipo ya kila huduma uangalie namba 4 za mwisho za kadi. Mi kwenye ile ya muziki nilikuta za kadi mpya, na sijawahi kuziandika pale.