Somo: Usomaji wa ushanga huanzia tunduni

Mwenzetu mmoja wa Langoni, Lamu, ameleta picha za kidani alichoachiwa na nyanya yake, naye angependa kujua kimetungwa kwa vitu gani. Kuna shanga ndogo nyekundu nyingi, vipande virefu vyeupe vyenye michoro myeusi, na shanga tatu kubwa za manjano katikati ambazo nyumbani kwao wanaziita kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Amekubali tukitumie kufundishia.

Hatua ya 1: Piga picha ya tundu

Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa ya kidani kizima kimelazwa kitandani, taa ya simu imewashwa. Haikutufaa. Taa ya simu huacha doa jeupe juu ya kila ushanga, na kioo na plastiki vikaonekana ndugu. Kaa karibu na dirisha au barazani penye kivuli, mwanga uje kwa ubavuni, na utandike kitambaa cheusi kisichong'aa. Usiisogeze simu mpaka ikaribie kugusa ushanga, maana picha itapata ukungu. Rudi nyuma kidogo, kisha tumia lenzi ya kukuza mara 2.

Legeza uzi kidogo ili shanga zitengane, na upige ukitazama tunduni moja kwa moja. Halafu itume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha na yale tunayoyatafuta yote yanafutika.

Kwa nini tundu? Kwa sababu uso wa ushanga husuguliwa na kupakwa rangi, na rangi yoyote huweza kutiwa kwenye kioo, mfupa au plastiki. Tundu halina anayelipamba. Hapo ndipo huonekana namna ushanga ulivyotengenezwa, na ndipo uzi na jirani zake hula kidogo kidogo kwa miaka.

Hatua ya 2: Zile nyekundu

Katika picha ya pili tundu la kila ushanga mwekundu limezungukwa na pete nyeupe. Wekundu ni ganda jembamba tu, ndani ni weupe. Wafanyabiashara wa Zanzibar wa karne ya 19 waliziita samesame, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani kwenda bara 1857, aliziandika katika orodha yake ya shanga za biashara. Nyingi zilitoka Venisi. Kioo chekundu kizuri kilikuwa ghali, hivyo walikivika juu ya kioo cheupe, na weupe huo ukazidi kuung'arisha wekundu.

Lakini pete nyeupe peke yake isikudanganye, kwani plastiki ya kuiga inayo pia. Kuza picha utazame palipovunjika. Kwenye ushanga wa nne kutoka kushoto ukingo umemeguka, na pale palipomeguka pana kibonde laini, chenye mawimbi kama mgongo wa chaza, na kinang'aa kuliko uso wenyewe. Hicho ni kioo. Plastiki kwa kawaida haimeguki hivyo: hubonyea, hufanya weupe wa kuchoka, au huacha nyuzinyuzi ukingoni.

Ubavuni mwa shanga hizi kuna mistari myembamba inayofuata urefu wa tundu. Maana yake kioo kilivutwa kikawa mrija mrefu, kisha kikakatwa vipande. Ingekuwa mistari inazunguka tundu, tungesema kioo kilizungushwa juu ya chuma kikiwa cha moto. Na ukiona mshono ulionyooka kutoka tundu hadi tundu, ushanga umetoka kwenye kalibu, nao unaweza kuwa kioo au plastiki. Hapo itabidi urudi kwenye ukingo uliomeguka.

Umri ni jambo jingine. Nyekundu zenye moyo mweupe zilienea katika karne ya 19. Za kabla yake mara nyingi zina moyo wa kijani. Lakini za moyo mweupe ziliendelea kutengenezwa karne ya 20, kwa hiyo picha hii inatupa kioo, haitupi mwaka.

Hatua ya 3: Vile vipande vyeupe

Hivi ni mfupa. Penye mkato, kando ya tundu, pana vitone vidogo vyeusi. Ubavuni vitone hivyo vinageuka kuwa vimstari vifupi. Ni njia zilimopita damu mnyama akiwa hai, na uchafu na jasho hujaa humo vikaonekana zaidi kadiri kidani kinavyovaliwa. Plastiki ya kuiga mfupa huchorwa mistari pia, ila mistari ile ile hujirudia kwenye kila kipande. Hapa hakuna vipande viwili vinavyofanana.

Michoro myeusi ni rangi iliyotiwa, na vipande vya namna hii ndivyo vinavyouzwa siku hizi kwa wageni. Nadhani vimeongezwa kidani kilipotungwa upya. Jambo la kawaida. Uzi hukatika, shanga hupotea, na pengo lazima lizibwe.

Hatua ya 4: Ile "kaharabu"

Samahani kwa familia, lakini hizi tatu ni plastiki. Ndani ya tundu rangi ni ya limau iliyopauka, na nje imeiva mpaka kukaribia asali. Ndivyo plastiki ngumu ya aina ya bakelaiti inavyofanya: mwanga huichoma juu, ndani ikabaki changa. Midomo ya matundu imelika ikawa kama faneli, bila hata chipu moja ya kung'aa. Plastiki hiyo ilivumbuliwa 1907, basi shanga hizi haziwezi kutangulia mwaka huo. Zina thamani yake, na wako wanaozitafuta.

Asikushauri mtu kuzichoma kwa sindano ya moto. Utaacha kovu, na jibu tayari liko tunduni.

Maswali ya wanachama

Malindi: Mwalimu, mimi hutafuta viputo. Nikiviona nasema ni kioo. Nakosea?

Jibu: Kiputo peke yake hakitoshi, plastiki nayo huwa navyo. Tazama umbo. Viputo vilivyorefuka vikafuata tundu ni vya kioo kilichovutwa. Vya mviringo havina ushahidi mkubwa.

Shela: Binti yangu ana bangili ya mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Nitajuaje kama ni tipitipi kweli au plastiki?

Jibu: Dada, kuza lile jicho. Tipitipi ina kovu dogo jeupe ndani ya weusi, pale mbegu iliposhikana na ganda, na kila mbegu ina weusi wa ukubwa wake. Plastiki ina jicho lenye mpaka mkali, yote sawasawa, na mshono. Ikiwa ni tipitipi, mvue mtoto leo. Sumu yake ni kali, na mbegu iliyotobolewa ganda lake halizuii tena kitu. Akiwa ameshaitafuna, mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

Mkomani: Nitautofautishaje mfupa na pembe ya ndovu?

Jibu: Kwenye mkato wa pembe hakuna vitone, kuna mistari iliyopinda inayokatana ikafanya vijialmasi. Ukiiona usinunue, biashara yake ni marufuku Kenya.

Siyu: Mvua ikinyesha, kule magofu ya Shanga huonekana shanga ndogo za rangi ya tofali mchangani. Naweza kuziokota nikatunga?

Jibu: Hapana, bwana. Nyekundu ya tofali mpaka ndani, isiyopitisha mwanga, ni kioo cha kale cha biashara ya Bahari ya Hindi. Ushanga ule una maana ukiwa pale pale ulipo. Piga picha bila kuusogeza, weka sarafu kando kuonyesha ukubwa, upeleke taarifa Makumbusho ya Lamu. Sheria ya turathi ya 2006 inakutaka uwaarifu.