Picha imepauka baada ya kuhifadhiwa JPEG: namna ya kurudisha rangi

Assalamu alaykum. Somo hili ni la wapiga picha za harusi na za pwani. Kwenye Photoshop bahari ya Nungwi inang'aa na kanga nyekundu imewaka. Ukifungua JPEG yake kwenye simu, zote zimepauka. Mara nyingi hapo rangi haijapotea. Namba zake zinasomwa kwa kipimo kisicho chao.

Nyekundu kali kabisa ya sRGB, yaani 255,0,0, kwenye Adobe RGB huandikwa 219,0,0. Profaili ya ICC ndiyo inayoieleza simu kuwa 219 hiyo ni ya Adobe RGB. Faili likitoka bila profaili, simu hulichukulia kuwa ni sRGB, na 219 ya sRGB ni nyekundu iliyofifia.

Hatua ya 1. Jua kwanza faili limebeba nini:

```
exiftool -ICC_Profile:ProfileDescription picha.jpg
```

Likijibu Adobe RGB (1998), profaili imo. Ruka hadi hatua ya 3. Lisipojibu kitu, tazama jina la faili la kamera. Likianza na kistari cha chini, kama _DSC, kwa kawaida kamera iliwekwa Adobe RGB.

Hatua ya 2. Edit > Assign Profile, chagua Adobe RGB (1998). Namba haziguswi, ila picha inabadilika hapo hapo. Kanga ikirudi rangi yake, umepatia. Uso wa biharusi ukiwiva kupita kiasi, picha ilikuwa sRGB tangu mwanzo, rudisha.

Hatua ya 3. Edit > Convert to Profile, sRGB IEC61966-2.1, Relative Colorimetric, na utie alama Use Black Point Compensation. Sasa namba zinabadilika na picha inabaki ilivyo. Wengi huchanganya hapa: wakitaka sRGB wanatumia Assign, na picha inapauka palepale.

Hatua ya 4. Hifadhi JPEG ukiwa umetia alama ICC Profile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Chake Chake. Kanga imerudi, lakini bahari bado haijafikia ilivyokuwa.*

Ndugu yangu, huo ni mpaka wa sRGB. Adobe RGB inaipita khasa upande wa kijani na samawati, na bahari yetu iko huko huko. Kinachozidi hukatwa: namba ya nyekundu inagota 0, na viwimbi vinashikana vikawa bapa la rangi moja. Kabla ya Convert, washa View > Gamut Warning huku Proof Setup ikiwa Internet Standard RGB (sRGB), kisha punguza Saturation ya Cyans taratibu mpaka viwimbi vionekane.

*Kaka, mimi nilishafanya Assign sRGB nikahifadhi, na la asili sinalo. Ndiyo basi tena?*

Hapana, dada. Assign haikugusa namba, kwa hiyo lipe tena Adobe RGB (1998), kisha Convert. Lingekuwa limepitia Convert, kilichokatwa kisingerudi.